Faini, Mfuko na Kamati: Asili ya Hadidu za Rejea za Kamati ya Ustawi wa Watumishi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia chimbuko la vifungu vitatu vinavyopatikana katika hadidu za rejea za kamati nyingi za mifuko ya ustawi wa watumishi: kifungu cha madhumuni, kifungu cha kumbukumbu na kifungu cha idhini. Yanaonesha kwamba vifungu hivyo vilizaliwa katika ugomvi kuhusu fedha za faini walizokatwa wafanyakazi, kwanza Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, kisha India kupitia Sheria ya Malipo ya Ujira ya mwaka 1936. Mfuko wa Ustawi wa Wachimbaji wa Uingereza wa mwaka 1920 unatumika kuonesha swali ambalo vifungu hivyo havikulijibu.

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya mfuko wa ustawi katika taasisi moja ambayo sitaitaja jina. Kila mtumishi alikatwa kiasi kidogo katika mshahara wake, na mwajiri aliongeza ruzuku yake mwisho wa mwaka. Siku moja menejimenti ilituletea ombi kwamba mfuko ugharimie ukarabati wa vyoo vya watumishi. Tulifungua hadidu za rejea. Kifungu cha madhumuni kilisema kwamba fedha zitatumika kwa "jambo lolote lenye manufaa kwa watumishi". Nani angekana kwamba choo kizuri ni manufaa kwa watumishi? Tuliidhinisha. Haukupita mwaka, akaja mjane wa dereva wetu kuomba msaada wa mazishi, na salio la mfuko halikutosha hata kununua sanda na kukodi gari la kwenda kijijini kwao. Tulichangishana mikononi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma hadidu za rejea kwa jicho la mwanahistoria kuliko la mjumbe wa kamati. Hati hizi huandikwa kwa kunakili nyingine zilizotangulia, nazo zilinakili nyingine, na mnakili mara chache hujua kila kifungu kilitungwa ili kuzuia nini. Anayejua hatakifuta kifungu kwa kuwa tu anakiona kirefu, wala hatakilegeza kwa maneno matamu kama yale ya "jambo lolote". Neno *hadidu* lenyewe kwangu limekaa jirani na *hadi*: ni kusema mwisho wa madaraka ni hapa. Swali la makala haya ni kwa nini mipaka hiyo iliwekwa mahali ilipowekwa.

Faini ilikuwa mali ya nani?

Kabla ya kuwapo mfuko palikuwapo faini. Katika viwanda vya Uingereza vya karne ya 19 msimamizi alikuwa na uwezo wa kumkata mfanyakazi fedha kwa kuchelewa, kuzungumza, kuharibu malighafi au hata kuacha uchafu chini ya meza yake. Mfano unaojulikana sana ni wa kiwanda cha viberiti cha Bryant na May, mashariki mwa London. Mwaka 1888 mwandishi Annie Besant alichapisha habari za wasichana wa kiwanda hicho. Alieleza habari za binti wa miaka 16 aliyepata shilingi 4 kwa wiki, na alieleza pia kwamba mfanyakazi aliyekutwa na miguu michafu alitozwa peni 3. Shilingi moja ya Kiingereza ilikuwa na peni 12. Kwa hiyo binti yule, kama angekutwa na miguu michafu mara moja tu, angepoteza sehemu moja ya kumi na sita ya ujira wake wa wiki.

Mwezi Julai mwaka huohuo wasichana wale waligoma, na miongoni mwa waliyoyapata ni kufutwa kwa faini. Ila kilichopo katika mkasa huu kwa ajili ya mada yetu ni jambo ambalo mara nyingi hupitwa haraka: peni 3 zile zilikwenda wapi? Jibu ni kwamba zilibaki kwa mwajiri. Faini haikuwa adhabu tu. Ilikuwa pia punguzo la gharama ya ujira. Mwajiri aliyekuwa hakimu wa kosa ndiye pia aliyepokea malipo ya hukumu.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1896 kuhusu makato ya ujira ilijaribu kuufunga mlango huo, lakini kwa upande mmoja tu. Iliagiza kwamba faini isitozwe isipokuwa kwa mkataba uliotiwa saini au tangazo lililobandikwa mahali pa wazi. Kwamba makosa yatajwe. Kwamba kosa liwe limesababisha au lingeweza kusababisha hasara au kizuizi katika kazi. Kwamba kiasi kiwe cha haki. Kwamba mfanyakazi apewe maelezo kwa maandishi kila anapotozwa. Na kwamba daftari la makato liwekwe tayari kwa mkaguzi wa viwanda. Haya yote yanahusu namna ya kutoza. Kuhusu mahali pa kuzipeleka fedha, sheria ilinyamaza. Mwajiri aliyefuata kila sharti aliruhusiwa bado kuzitia faini katika hazina yake.

Kifungu cha 8 cha mwaka 1936

Kimya hicho kilivunjwa India. Tume ya Kifalme ya Kazi, iliyofanya uchunguzi wake kati ya mwaka 1929 na 1931 chini ya J. H. Whitley, ilikuta faini zikitozwa katika viwanda na reli, na ikapendekeza ziwekewe kikomo na mapato yake yatumike kwa manufaa ya wafanyakazi wenyewe. Mapendekezo hayo ndiyo yaliyozaa kifungu cha 8 cha Sheria ya Malipo ya Ujira ya mwaka 1936, sheria iliyoanza kwa kuwahusu wafanyakazi wa viwanda na reli waliokuwa na ujira wa chini ya rupia 200 kwa mwezi.

Kifungu hicho kinapaswa kusomwa polepole. Kwanza, mwajiri hana ruhusa ya kutoza faini isipokuwa kwa makosa yaliyoorodheshwa na kuidhinishwa mapema na serikali au mamlaka iliyoteuliwa, na orodha hiyo ibandikwe. Pili, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kutozwa. Tatu, jumla ya faini katika kipindi kimoja cha malipo isizidi nusu ana kwa kila rupia ya ujira. Wazee wa pwani na bara waliotumia rupia kabla ya mwaka 1920 wangeifanya hesabu hiyo kichwani: rupia moja ina ana 16, na ana moja ina pesa 4, kwa hiyo kikomo ni pesa 2 kwa rupia, yaani sehemu moja ya thelathini na mbili. Ilikuwa nusu ya uwiano wa adhabu moja ya miguu michafu kwa binti wa Besant. Nne, mtoto wa chini ya miaka 15 asitozwe. Tano, faini isikatwe kwa mafungu, wala isikatwe baada ya siku 60.

Kisha linakuja fungu dogo la nane, na hapo ndipo mfuko unapozaliwa. Linasema mambo mawili kwa pumzi moja. Faini zote, na fedha zote zilizopatikana kutokana nazo, ziandikwe katika rejesta. Na fedha hizo zitumike tu kwa madhumuni yenye manufaa kwa watu walioajiriwa katika kiwanda au ofisi husika, madhumuni ambayo yameidhinishwa na mamlaka iliyoteuliwa. Pale ambapo kiwanda ni sehemu tu ya shirika kubwa, sheria iliruhusu fedha ziingizwe katika mfuko wa pamoja wa watumishi wote, kwa sharti lilelile la idhini.

Tazama jinsi vifungu vitatu vya hadidu zetu vilivyomo humo. Rejesta ni kifungu cha kumbukumbu. Maneno "tu kwa madhumuni yenye manufaa" ni kifungu cha madhumuni. Mamlaka iliyoteuliwa ni kifungu cha idhini. Vilitungwa pamoja kwa sababu kila kimoja bila vingine ni kitupu. Madhumuni yasiyo na rejesta hayawezi kuthibitishwa. Rejesta isiyo na madhumuni inaorodhesha tu fedha za mwajiri. Na neno "manufaa", likiachwa bila mtu wa nje wa kulitafsiri, litatafsiriwa na mwajiri. Anayelinakili fungu hili akaliacha hitaji la idhini, kama walivyofanya watunzi wa hadidu zile nilizozitumikia mimi, amelibeba neno lililo hatari zaidi katika sheria nzima na kuiacha njiani kinga yake.

Namna rejesta ilivyosema

Rejesta ya faini chini ya kanuni za sheria hiyo ilikuwa na safu zilizochaguliwa kwa makusudi: jina la mfanyakazi na la baba au mume wake, idara, kosa, kama alijitetea au la, kiwango cha ujira, tarehe na kiasi cha faini iliyotozwa, tarehe faini ilipopatikana, na maelezo. Ili kuona kazi ya safu hizo, tuchukue karakana ya kubuni yenye wafanyakazi 300, mwezi mmoja.

Tuseme wafanyakazi 30 wametozwa ana 4 kila mmoja, na wengine 20 wametozwa ana 8. Kundi la kwanza linafanya ana 120, yaani rupia 7 na ana 8. Kundi la pili linafanya ana 160, yaani rupia 10. Jumla iliyotozwa ni rupia 17 na ana 8. Safu ya faini zilizopatikana inaonesha rupia 16. Pengo ni rupia 1 na ana 8, sawa na faini za watu watatu wa kundi la pili. Safu ya maelezo inapaswa kusema ni akina nani hao na nini kimetokea: pengine waliacha kazi, pengine siku 60 zilipita, pengine utetezi wao ulikubaliwa baadaye. Kama safu hiyo ni tupu, mkaguzi ana swali la kwanza.

Swali la pili halimo katika rejesta bali kati ya rejesta na leja ya mfuko. Kama rejesta inasema rupia 16 zimepatikana na leja inaonesha rupia 13 zimeingia, rupia 3 zimebaki katika hazina ya mwajiri. Hakuna haja ya kumhoji mtu yeyote. Vitabu viwili vilivyoandikwa na mikono miwili tofauti vimeshitakiana. Hii ndiyo sababu hadidu nzuri husisitiza kwamba anayekata mshahara asiwe ndiye anayeandika leja ya mfuko.

Safu ya kiwango cha ujira, ambayo kwa mtazamo wa juu ni ya ziada, ndiyo inayofichua kosa la tatu. Mwenye ujira wa rupia 24 kwa mwezi ana kikomo cha ana 12. Ana 8 ni halali kwake. Mwenye rupia 14 ana kikomo cha ana 7. Faini ya ana 8 kwa mtu huyo imevuka sheria kwa ana moja, na mkaguzi anaiona kwa kusoma mstari mmoja tu wa rejesta. Katika mifuko ya leo isiyotokana na faini safu hii imetoweka, na hilo ni sawa. Kilichotoweka pamoja nayo bila sababu ni ule ulinganisho wa vitabu viwili. Katika hadidu kadhaa nilizopata kuzisoma, kamati hupokea "taarifa ya fedha" moja iliyotayarishwa na ofisi ileile ya uhasibu inayokata michango.

Reli na tatizo la mfuko unaokula makosa

Mfuko uliojengwa juu ya faini una ila moja ya kimaumbile: hunenepa watu wanapokosea. Timu ya mpira ikihitaji jezi, au maktaba ya watumishi ikihitaji vitabu, kila mtu katika kamati anajua fedha zitatoka wapi. Msimamizi mkali anaweza hata kujisifu kwamba ukali wake unawanufaisha wenzake wa aliyekatwa. Hoja ya namna hiyo ilikuwa ikisikika Uingereza pia, na ndiyo maana katika kamati ya serikali iliyotoa ripoti mwaka 1908 kuhusu sheria za makato walikuwapo wajumbe waliotaka faini zifutwe kabisa badala ya kusafishwa.

Reli za India zilichukua njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uliokuwa mfuko wa faini uligeuzwa kuwa Mfuko wa Manufaa ya Watumishi, na kwa muda mrefu sasa chanzo chake kikuu kimekuwa ruzuku inayotoka katika mapato ya reli kwa hesabu ya kichwa kwa kichwa. Mfuko ukaacha kutegemea makosa, ukategemea idadi ya watumishi. Mwenyekiti wa kamati ni ofisa mkuu wa utumishi, na viti vya wajumbe hukaliwa na wawakilishi kutoka vyama vya wafanyakazi vinavyotambuliwa.

Lililo kubwa zaidi kwa mada yetu ni namna kanuni za reli zilivyoandika madhumuni. Hazikurudia "manufaa" matupu ya sheria ya mwaka 1936. Zilitaja elimu ya watumishi na watoto wao, burudani, mipango ya misaada ya ugonjwa na uzazi kwa familia, na kuwaokoa walio katika dhiki, wakiwamo waliokwisha kuacha utumishi. Orodha hiyo ni pana, lakini ina ukuta. Ukarabati wa jengo la mwajiri hauna mlango wa kuingilia ndani yake. Mjane wa dereva anao.

Mabafu mlangoni mwa mgodi

Lakini je, orodha yenye ukuta inatosha? Mfuko mkubwa kuliko yote ya aina hii katika kipindi hicho unaonesha kwamba haitoshi. Sheria ya Sekta ya Madini ya Uingereza ya mwaka 1920 iliweka tozo ya peni moja kwa kila tani ya makaa ya mawe iliyochimbwa, ikalipwa na wenye migodi, ikaingia katika Mfuko wa Ustawi wa Wachimbaji. Kamati ya mfuko iliteuliwa baada ya kushauriana na pande zote mbili, wenye migodi na chama cha wachimbaji. Sehemu nne kati ya tano za mapato zilitengwa kwa ajili ya wilaya zilikotoka. Sehemu moja ikabaki kwa matumizi ya jumla. Madhumuni yalikuwa ustawi wa kijamii, burudani na hali ya maisha ya wachimbaji, pamoja na elimu na utafiti wa madini. Kwa vigezo vyetu vitatu hati hiyo ilikamilika: madhumuni, kumbukumbu, na idhini ya serikali.

Sasa tazama mabafu. Mchimbaji wa makaa alirudi nyumbani mweusi kutoka utosini hadi nyayoni, na aliyebeba mzigo wa kuchemsha maji na kufua nguo zile alikuwa mke au mama yake. Mwaka 1911 sheria ilikuwa tayari imemlazimisha mwenye mgodi kujenga bafu mlangoni mwa mgodi iwapo theluthi mbili ya wachimbaji wangepiga kura ya kulitaka na kukubali kulipa nusu ya gharama za kuliendesha. Hata hivyo, mwajiri hakulazimika kama gharama hizo zingezidi peni 3 kwa mtu kwa wiki. Kwa masharti hayo, mabafu machache sana yalijengwa.

Mfuko ulipopatikana, mabafu yakawa kazi yake, na mwaka 1926 ikaongezwa tozo ya asilimia 5 juu ya mrabaha wa wenye ardhi kwa ajili ya mabafu hayo hasa. Mamia yalijengwa katika miaka iliyofuata, na hakuna anayeweza kubeza tofauti iliyopatikana jikoni mwa familia hizo. Ila wajibu ambao mwaka 1911 ulikuwa umeanza kuwekwa, japo kwa shingo upande, mgongoni mwa kila mwenye mgodi, ulihamia kwenye mfuko. Mwajiri mzembe na mwajiri aliyejali wakawa sawa mbele ya kamati. Mwaka 1934 tozo ya tani ilipopunguzwa hadi nusu peni, kilichopungua hakikuwa burudani peke yake.

Siwalaumu wajumbe wa kamati ile. Wachimbaji walihitaji maji ya moto leo, si kesi ya mahakamani kesho. Lakini mkasa huo unaonesha mahali ambapo hadidu zao, pamoja na uzuri wake, hazikuwa na neno: hazikusema lolote kuhusu kitu ambacho ni manufaa kwa mfanyakazi, kimo katika madhumuni, kimeidhinishwa, kimeandikwa vizuri vitabuni, na bado ni deni la mtu mwingine.

Kifungu tulichokiandika

Mwaka mmoja baada ya mazishi ya dereva wetu, kamati ilipewa nafasi ya kupendekeza marekebisho ya hadidu zake. Mjadala ulichukua vikao viwili. Mwakilishi wa menejimenti alitaka maneno "jambo lolote" yabaki, kwa hoja kwamba orodha hufunga mikono ya kamati wakati wa dharura. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, nasi tuliijibu kwa kuacha fungu dogo la dharura lenye kikomo cha kiasi na sharti la theluthi mbili ya kura. Maneno yenyewe yakafutwa. Mahali pake ikaja orodha fupi: msiba, ugonjwa, masomo ya watoto, na mkopo wa dhiki. Leja ya mfuko ilihamishiwa kwa mweka hazina aliyechaguliwa na watumishi, ili ilinganishwe kila robo mwaka na orodha ya makato kutoka uhasibu.

Kifungu kilichobishaniwa zaidi ni cha mwisho. Katika rasimu ya kwanza kilisomeka kwamba mfuko hautagharimia kitu ambacho mwajiri anawajibika kukitoa kwa mujibu wa sheria. Mama mmoja, mhudumu wa usafi, aliyekuwa amenyamaza karibu kikao chote, akauliza: sabuni ya kunawia mikono ipo kwenye sheria gani? Mwanasheria wetu hakuweza kumjibu papo hapo. Tukaongeza maneno matatu, na kifungu kikapita kikisomeka "kwa mujibu wa sheria, mkataba au desturi".